Kumwandikia Laia

Mtu akikwambia Kihispania changu ni kibovu, mwambie aje Kitengela amuulizie Muthoki wa maua. Nitamkaribisha chai na nitamwonyesha. Lugha hiyo nilijifunza nikiwa na mkasi mkononi na aproni ya plastiki kifuani, na sikulipa karo hata ya siku moja.

Mwalimu wangu alikuwa Don Hernán, mtaalamu wa mawaridi kutoka Kolombia, huko nyanda za juu karibu na Bogotá. Shamba letu lilimleta miaka kumi na minne iliyopita aje atufundishe kukata matawi. Kiswahili kilimshinda, Kiingereza kilimpiga chenga, basi akaamua ni sisi tutakaojifunza lugha yake. Wenzangu walicheka wakaacha. Mimi nilishikilia, na baada ya miaka miwili nilikuwa naweza kubishana naye kuhusu ukungu na mbolea bila kukwama.

Kwa Don Hernán kila mtu alikuwa *usted*. Hiyo ni "wewe" ya heshima, ya kumvulia mtu kofia. Kuna nyingine, *tú*, wewe ya marafiki na watoto, lakini Don Hernán hakuwa na habari nayo. Meneja alikuwa usted. Mkewe alipompigia simu kutoka kwao, alimwambia usted huku amelegeza sauti kwa mapenzi. Hata mbwa wa mlinzi alikuwa usted: alimwambia kwa adabu zote aondoke kwenye ndoo za maua. Mimi nikaona hiyo ndiyo lugha yenyewe, nikaimeza nzima.

Lugha hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye ukumbi wa kupakia maua, ambako unasimama saa tisa miguu imeganda, ikanipeleka ofisini kwenye dawati la Uhispania. Dawati lenyewe ni meza moja, kompyuta moja na simu moja ya kampuni. Lakini ni langu. Kwa miaka minane niliandikiana barua pepe na mnunuzi wetu wa Barcelona, mzee mmoja aliyeitwa Señor Bofarull. Yeye aliandika "Estimada señora Muthoki", nami nikaandika "Estimado señor Bofarull", tukatakiana afya njema na hali nzuri ya hewa, na mawaridi yakaenda. Mawaridi mengi zaidi yalikwenda mwezi wa nne, kwa sababu kule kwao tarehe ishirini na tatu ni siku ya Sant Jordi, na mji mzima hupeana waridi jekundu. Hakuna oda kubwa kuliko hiyo katika mwaka wetu.

Mwezi wa pili mzee akastaafu. Biashara ikashikwa na binti yake, Laia, mwenye miaka thelathini na miwili. Huyo hakuandika barua pepe. Asubuhi moja simu ya kampuni ikalia, nikakuta hii:

*Holaa Muthoki! Soy Laia, la hija. Q tal todo x ahí? Oye, xfa, me pasas fotos de las rojas? Es q voy a tope jajaja. Bss*

Niliisoma mara tatu. Niliambulia kwamba ni binti wa mzee, anataka picha za mawaridi mekundu, na kwamba kuna mahali ana haraka. Hayo mengine, hizo x na q zilizotapakaa kama vifaranga, sikuyajua na sikutaka kuyajua. Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilijiambia, mtoto huyu hajaniona hata sura, ananiandikia utadhani tumechunga mbuzi pamoja. Nikavuta kiti, nikamjibu kwa Kihispania cha Don Hernán kilichopigwa pasi:

*Estimada señora Laia: Acuso recibo de su atento mensaje. Con mucho gusto le remito las fotografías solicitadas. Quedo a su entera disposición. Atentamente, Muthoki Musila.*

Yaani nimepokea ujumbe wako mwema, ninakuletea picha ulizoomba kwa furaha kubwa, nami niko tayari kukuhudumia kwa kila jambo. Nikajipongeza.

Akajibu papo hapo: *Jo, q formal! Tutéame, porfa*. Maana yake, aa, mbona rasmi hivyo, niite tú, tafadhali.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa sababu ya malezi mazuri. Kwetu Ukambani mgeni akikwambia "usijisumbue", hapo ndipo unajisumbua. Unakwenda kuchinja kuku. Ukimsikiliza ukakaa, wataongea juu yako mpaka Machakos. Niliona Laia ananipima adabu, nikaamua kufaulu mtihani. Nikamwandikia kwamba nisingethubutu, *señora, no me atrevería*, na nikaongeza usted mbili zaidi kwa usalama.

Basi wiki zikapita, na meseji za Laia zikaanza kubadilika. Ile "jajaja" ikapotea. "Bss" ikapotea. Kisha salamu ikapotea. Mwishowe akawa anajibu neno moja na nukta: *Vale.* Sawa. *Recibido.* Imefika. Mimi nikafurahi. Nikasema ndani ya roho yangu, afadhali, mtoto ameshika adabu.

Mwisho wa mwezi wa tatu, meneja wa mauzo, Bwana Wanyoike, aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Wanyoike si mtu wa kufunga mlango.

"Muthoki, kaa. Huyu Laia ameniandikia kwa Kizungu," akasema, akanigeuzia kompyuta. "Anasema wewe ni mtu wa kazi safi kabisa, lakini anahisi anakusumbua. Anasema kila akikuandikia anahisi ni kama anagongea mtu aliyenuna. Anauliza kama kuna mtu mwingine wa kuongea naye."

"Aliyenuna? Mimi?"

"Ndio vile amesema."

"Bwana Wanyoike, sijawahi kumkosea heshima hata siku moja. Soma meseji zangu."

"Siwezi kuzisoma, ni Kihispania. Lakini najua hii: tumebakisha wiki tatu kufika Sant Jordi, na huyo mama anaweza kununua Uholanzi. Kuanzia Jumatatu simu ya Uhispania itakuwa na Nailantei wa kwaliti. Wewe utarudi kusimamia ukumbi. Tukivuka hiyo siku salama, tutakaa chini tuone."

Nilitoka bila kuaga. Kurudi ukumbini, baada ya miaka minane! Niliumia, na nilimchukia Laia, na nilimchukia Nailantei zaidi kwa sababu yeye alikuwa karibu.

Nailantei nilikuwa na kinyongo naye tangu siku yake ya kwanza. Ni msichana wa Mashuuru, wa miaka ishirini na mitano, mrembo, kichwa chake chepesi kwa kazi. Kihispania chake alikitoa kwa vijana wa kujitolea kutoka Uhispania waliokaa kwao miaka miwili wakijenga zahanati. Mpaka leo wako kwenye kundi moja la simu wakitaniana. Siku alipoletwa ofisini kutambulishwa kwetu, nilinyoosha mkono nimsalimie. Yeye akainamisha kichwa mbele yangu, akangoja. Mkono wangu ukamgonga paji la uso. Watu wakacheka. Kila mtu wa Kitengela anajua maana yake: mtoto wa Kimaasai humwinamia mtu wa umri wa wazazi wake, naye mkubwa humgusa utosini ndipo salamu iwe salamu. Kisha akaniita *yeyo*, yaani mama. Mimi nina miaka arobaini na mitatu, na siku hiyo nilikuwa nimesuka nywele mpya. Nilimwambia mimi si mama yake, aniite Muthoki, nikaenda zangu. Tangu hapo tulisalimiana kwa mbali kama majirani waliogombania mpaka.

Jumatatu nilivaa aproni. Jumanne vilevile. Jumatano, saa ya chai, nikamwona Nailantei peke yake kwenye kantini, simu ya kampuni mezani, anaandika huku akitabasamu. Nikashindwa. Nikachukua mandazi mawili na vikombe viwili, nikakaa mbele yake.

"Nionyeshe," nikasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Hizo x na q. Nataka kujua nimefukuzwa na nini."

Alinitazama kidogo, halafu akasogeza kiti. Lazima niseme ukweli: hakuringa. Alichukua karatasi ya kufungia mandazi akaandika.

"Hii x ni alama ya mara, ile ya hesabu. Wao wakizidisha wanasema *por*. Kwa hivyo x ni por, na q ni *que*. Ukiweka xq unapata *porque*, kwa sababu. Xfa ni *por favor*, tafadhali. Tb ni *también*, pia. Finde ni wikendi. Bss ni *besos*, mabusu, lakini si mabusu ya ukweli, ni vile sisi tunasema 'haya, baadaye'. Voy a tope ni kusema amebanwa na kazi."

"Na akiandika *tía*? Hiyo si shangazi?"

"Ni shangazi, lakini wasichana wa huko wanaitana hivyo. Ni kama sisi tukisema 'wewe dada'. Haina umri."

Nilishika haraka, kwa sababu mimi si mjinga. Nikamwambia anisubiri, nikachukua kalamu, nikaandika meseji yangu ya kwanza ya kisasa: *Tía! Q tal el finde? Las rojas molan mogollón. Tqm!* Mawaridi yanapendeza kupita kiasi. Ile tqm niliona chini kwenye karatasi yake, nikaipenda umbo.

Nailantei akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Muthoki, tqm ni *te quiero mucho*. Ninakupenda sana. Hiyo ni ya mama yako ama rafiki yako wa roho. Huyu ni customer!"

"Si umesema wanaandika hivyo?"

"Wanaandika, lakini si kila mtu na si kwa kila mtu. Angalia." Akafungua meseji za Laia tangu mwanzo. "Yeye alileta q, x, xfa, bss. Mimi nampa hizo hizo, ama pungufu kidogo. Tqm hajaleta, siwezi kuileta mimi. Yeye ndiye mnunuzi, yeye ndiye anafungua mlango, mimi naingia mpaka pale amefungua."

Hapo nikasoma kwa mara ya kwanza mazungumzo yangu na Laia kwa mpangilio, ya kwake na ya kwangu, moja chini ya nyingine. Msichana alikuwa amefungua mlango wazi. Akaniita kwa jina. Akaniomba kabisa, niite tú. Mimi nikasimama nje na kofia mkononi, nikakataa kuingia.

"Lakini ilikuwa heshima," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepungua.

"Najua. Lakini huko Uhispania vijana wakiambiwa usted wanasikia wamezeeshwa, ama wamesukumwa. Ama mtu amekasirika."

"Heshima inazeesha mtu vipi?"

Nailantei akageuza kikombe chake. Halafu akasema polepole, "Mimi nilikuinamia kichwa, na wewe ulikasirika mwaka mzima."

Nilikumbuka ule mkono wangu ukimgonga usoni, na kicheko cha watu, na jinsi nilivyokwenda chooni kujitazama kwenye kioo. Yeye alikuwa ameniletea kitu kizuri kabisa kutoka kwao, na mimi nilikipokea kama tusi. Na Laia naye, kule Barcelona, labda alikwenda kujitazama kwenye kioo.

"Pole," nikamwambia.

"Mimi pia pole. Ningengoja kwanza nione wewe ni mtu wa aina gani."

Tukapeana mikono, pale pale, mafuta ya mandazi na yote. Tukakubaliana: mimi ni Muthoki, yeye ni Nailantei, na meseji yoyote ngumu tutaisoma wawili kabla haijaondoka. Yeye hakuwahi kuandika barua ya kazi kwa Kihispania maishani mwake, alikiri mwenyewe. Alijua lugha ya kutaniana tu.

Mvua za masika mwaka huo zilinyesha bila huruma. Njia ya kuelekea Isinya ilikuwa matope matupu, na ndani ya grinhausi unyevu ulining'inia kwenye plastiki siku nzima. Nilimwambia mkuu wa grinhausi afungue madirisha ya juu kila mvua ikikatika. Mizigo ya Sant Jordi ilikuwa mitatu. Wa kwanza uliondoka kwa ndege tarehe kumi na mbili. Wa pili na wa tatu ilikuwa bado kwetu.

Tarehe kumi na nne, asubuhi, nilikuwa ukumbini nikihesabu ndoo nilipomwona Nailantei akija mbio kati ya meza, simu mkononi.

"Ameandika. Kuna shida."

Picha zilikuwa nne. Mawaridi yetu, ndani ya maboksi yetu, na kwenye petali za nje madoadoa ya kahawia yenye manyoya ya kijivu. Ukungu wa mvua. Huo hauonekani unapofunga maua, unaamkia safarini. Chini ya picha Laia alikuwa ameandika:

*Hola. Necesito que me expliques qué ha pasado con estas cajas. Si hoy no lo tengo claro, compro el resto en Holanda. Gracias.*

Nataka unieleze nini kimetokea na maboksi haya. Kama leo sitaelewa vizuri, yaliyobaki nitanunua Uholanzi.

"Umejibu?" nikauliza.

"Nimeandika, sijatuma. Tulisema tusome wawili."

Alinionyesha. *Ay tía, q fuerte! Pero ntp, lo arreglamos fijo jajaja. Bss.* Dada, makubwa hayo! Lakini usijali, tutarekebisha hakika, hahaha, mabusu.

"Futa," nikasema.

"Lakini ndivyo tunaongea kila siku. Jana tu aliniita tía. Nilitaka atulie."

"Jana. Angalia leo." Nikamwonyesha kwa kidole chenye glavu. "Iko wapi q? Ameandika *que* nzima. Iko wapi bss? Ameandika *gracias*, na nukta. Hakuna jajaja, hakuna tía. Hata jina lako hajalitaja. Huyu mtu leo amevaa koti. Wewe ukimwendea na kandambili atafikiri hasara yake ni mchezo kwako."

Nailantei akafuta. "Basi tuandike vile ulikuwa unaandika. Usted na estimada señora."

Na nitakiri, roho yangu iliruka. Ile usted ilikuwa inaniita. Ukiwa na aibu unataka kujificha nyuma ya kitu, na nyuma ya usted kuna nafasi kubwa. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika kichwani. Lakini nikasoma tena meseji yake, nikaona neno moja dogo: *expliques*. Hiyo ni ya tú. Laia alikuwa amekasirika, amevaa koti, lakini mlango hakuufunga. Nikirudi kwenye usted sasa, nitakuwa mimi ndiye ninayeufunga, tena siku ambayo shamba letu ndilo lenye makosa.

"Tú," nikasema. "Lakini maneno mazima. Hakuna kifupi hata kimoja, hakuna mzaha, hakuna maua ya maneno. Tunasema kosa ni letu, kisha tutafanya nini, kisha lini."

"Nani ataweka jina? Alisema hataki wewe."

Hilo lilinichoma kidogo. Ningeweza kumwachia yeye jina. Lakini anayejua ukungu pale ukumbini ni mimi, na anayeweza kuahidi kuhusu maua ni mimi. Nikavua glavu, nikachukua simu.

*Laia, soy Muthoki. He visto las fotos y tienes razón: es botritis. Ha llovido mucho y no revisamos bien. La culpa es nuestra. Las otras dos cargas no salen hasta que yo misma revise cada cubo. Mañana antes de las nueve, hora de Barcelona, te mando fotos de todo, lo bueno y lo malo, y tú decides. Lo siento de verdad.*

Laia, ni Muthoki. Nimeziona picha na unasema kweli: ni ukungu. Mvua imekuwa nyingi na hatukukagua vizuri. Kosa ni letu. Mizigo miwili iliyobaki haitaondoka mpaka mimi mwenyewe nikague kila ndoo. Kesho kabla ya saa tatu asubuhi, saa za Barcelona, nitakutumia picha za yote, mazuri na mabaya, uamue mwenyewe. Pole sana kwa kweli.

Nikampa Nailantei asome. Alisoma akisogeza midomo.

"Haijapambwa," akasema.

"Ndiyo."

"Iko sawa. Tuma."

Nikatuma. Tukasimama pale kati ya ndoo tukitazama simu kama watu wanaongojea maziwa yachemke. Alama zikawa za buluu. Laia akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena. Hatimaye:

*Gracias por decírmelo claro, Muthoki. Espero las fotos.*

Asante kwa kuniambia waziwazi. Nangojea picha. Hakukuwa na busu hata nusu, lakini jina langu lilikuwepo.

Siku hiyo sikukaa chini. Nilikagua ndoo moja baada ya nyingine, nikishika kila kichwa cha ua kwa vidole viwili, nikifungua petali za nje kwenye mwanga, jinsi Don Hernán alivyonifundisha. Maua yenye shaka niliyatupa, na yalikuwa mengi, na Wanyoike alipoyaona kwenye pipa alishika kiuno, akaenda zake. Nailantei alifuata nyuma yangu akipiga picha. Kesho yake asubuhi, kabla ya saa nne yetu, maana wako nyuma yetu kwa saa moja, tulikuwa tumetuma zote. Na pale tulipokuwa na wasiwasi na ndoo fulani tuliandika wazi: hizi tumezitoa.

Tulingoja dakika ishirini. Kisha ikaingia:

*Ahora sí!! Q alivio, tía. Mándalas. Bss a las dos*

Sasa sawa! Nafuu iliyoje, dada. Yalete. Mabusu kwenu wawili.

"Amevua koti," akasema Nailantei.

"Amelivua. Jibu sasa, wewe. Hiyo ni yako."

"Hapana," akasema, akanisukumia simu. "Amekuita tía wewe. Meseji ilikuwa ya jina lako."

Nilifikiri kidogo, nikaandika: *Gracias a ti! Salen esta noche. Descansa, q tb te toca. Bss*. Asante wewe, yanaondoka usiku wa leo, pumzika, wewe pia unastahili. Q moja, tb moja, bss moja, si zaidi ya alizoleta yeye. Nailantei aliichungulia akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu wa chekechea.

Tarehe ishirini na tatu Laia alituma picha ya barabara imejaa watu na mawaridi mekundu, yetu, kwenye ndoo za bati. Siku hiyo hiyo ikaingia barua pepe moja ndefu kutoka kwa mzee Bofarull. Alikuwa ameyaona mawaridi, na aliniandikia "Estimada señora Muthoki" na kunitakia afya njema na hali nzuri ya hewa. Nailantei akaanza kumjibu na *Hola*. Nilimwondoa kwenye kiti kwa bega. Huyo nilimjibu kwa usted kumi na moja, kila moja ikiwa moto, na jioni nikamwandikia Don Hernán kule Bogotá kumweleza habari yote, kwa usted vilevile. Yeye ndiye aliyenipa neno hilo, na kutoka kwake sijawahi kulisikia likiwa baridi.

Jumatatu Wanyoike aliacha mlango wazi. "Rudi kwa dawati lako," akasema. "Na huyo Nailantei aongezewe kiti. Sitaki kusikia tena ati mmoja amenuna."

Nilipofika, kiti cha pili kilikuwa tayari, na Nailantei alikuwa amesimama kando yake. Nilinyoosha mkono kama tulivyokubaliana kantini. Hakuushika. Alinitazama usoni kwanza, kwa muda, akingoja kuona kama mlango uko wazi. Kisha akainamisha kichwa.

Nilikuwa na nywele mpya siku hiyo pia. Nikaweka kiganja changu juu ya utosi wake, nikakiacha hapo.

"Supa," nikamwambia, kwa salamu ya kwao.

"Ipa, yeyo," akasema.